Mikono ya Esau katika Chumba cha Mtihani

*Shikamoo mchungaji. Niko mwaka wa tatu, ni katibu wa ushirika wa wanafunzi wa Kikristo hapa chuoni. Nimepangiwa kuhubiri kwenye ibada ya kuombea mitihani, dakika 25, mada "Uaminifu katika mitihani". Ukweli ni kwamba baadhi ya wanaoingia mtihani na nondo za majibu ni wanakwaya wetu wenyewe. Kila mwaka mada hii ikihubiriwa watu wanasema amina, halafu mambo ni yaleyale. Nianzie wapi, na nitumie andiko gani?*

Marahaba mwanangu. Nianze kwa kukuondolea andiko moja: usihubiri "Usiibe". Kila atakayekaa mbele yako anaijua amri hiyo tangu shule ya Jumapili. Hakuna anayeingia na nondo kwa kutojua kuwa ni kosa. Angekuwa hajui asingejisumbua kuiandika kwa herufi ndogo vile na kuikunja mpaka ienee kwenye kifuniko cha kalamu. Ukimwambia jambo analolijua, atakuitikia amina kwa moyo mweupe, kwa sababu hujamgusa.

Chukua Mwanzo 27. Ni habari ya kijana aliyeulizwa jina lake akataja la mwingine, akafaulu. Usisome sura nzima, ni ndefu na utawapoteza. Simulia mwanzo kwa maneno yako: Isaka amezeeka, macho hayaoni, amemtuma Esau porini akawinde ili ampikie, ale na kumbariki. Rebeka amesikia. Anamwita Yakobo, amletee wana-mbuzi wawili wazuri, atampikia mzee chakula anachokipenda, na Yakobo ndiye atakayekipeleka. Ukishafika hapo, fungua Biblia usome mstari wa 11 hadi 13, kisha wa 18 hadi 24. Inatosha.

Sasa tazama pingamizi la Yakobo, kwa sababu mahubiri yako yote yanasimama hapo. Mama amemwambia mpango. Yakobo hakusema kwamba ni uongo. Hakusema kwamba mzee ni kipofu na haifai kumchezea, wala kwamba baraka ile ilikusudiwa ndugu yake. Alisema tu kwamba Esau ana nywele mwilini na yeye ni laini, na baba akimpapasa atagundua. Basi. Hofu yake ilikuwa kukamatwa. Na Rebeka alilijibu swali hilo sawasawa: akamvisha nguo za Esau, akamfunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni. Pingamizi likaisha, kwa sababu halikuwa pingamizi la dhamiri bali la ufundi.

Ndiyo maana mahubiri ya "mtakamatwa" hayajawahi kubadili chuo chochote ninachokifahamu. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati zinazosikiliza mashauri ya mitihani, na nimeona jinsi ukali unavyozaa ngozi nzuri zaidi za mbuzi. Karatasi ikikamatwa sana, maandishi yanahamia kwenye paja chini ya sketi. Sketi zikianza kutiliwa shaka, nondo inatangulia chooni tangu asubuhi, na mtu anaomba ruhusa saa moja baada ya pepa kuanza. Kenya wanaiita mwakenya, kwetu Tanzania nondo, ufundi ni uleule. Sisemi usitaje adhabu. Itaje mara moja, kwa ukweli wake: katika kanuni nilizozishughulikia, kukutwa na maandishi yasiyoruhusiwa kunatosha kumfukuzisha mtu masomo, na kujitetea kwamba "nilikuwa nayo lakini sikuitumia" hakusaidii. Sema hivyo kwa sentensi mbili, uendelee. Ukikaa hapo utakuwa umemhubiria Yakobo kuhusu nywele.

Ukitoka hapo nenda kwa Rebeka, na nenda taratibu, maana hapa ndipo utakapowaona wanainua vichwa. Mhubiri wa kawaida husema wanafunzi wanaibia kwa uvivu. Wapo wavivu, lakini wengi waliofika mbele ya kamati hawakuwa wavivu, walikuwa na hofu. Mmoja ndugu zake wameuza ng'ombe alipie ada iliyobaki baada ya mkopo wa bodi. Mwingine ukoo mzima unamwita daktari tangu mwaka wa kwanza, na sasa ana sapu tatu za kurudia mitihani, akidisko akaondolewa chuoni hajui atarudije kijijini. Hawa hawachochewi na tamaa. Wanachochewa na watu wanaowapenda, kama Yakobo alivyosukumwa na mama yake. Na mama alimpa ahadi nzito: laana yako na iwe juu yangu, mwanangu.

Ahadi hiyo inatolewa mpaka leo. Rafiki anasema, "Wewe ingia nayo tu, ikitokea la kutokea nitasema ni yangu." Kwenye kamati rafiki huyo hayupo. Anayesaini fomu ni yule aliyekutwa nayo. Rebeka naye hakuweza kuibeba laana ile. Alimwambia Yakobo akakae kwa mjomba wake siku chache mpaka hasira ya Esau ipoe. Siku chache zikawa miaka 20, na Maandiko hayatuambii popote kwamba mama na mwana walionana tena. Lisemee hilo, kisha nyamaza kidogo. Usiongeze maelezo.

Tahadhari moja kabla hatujaliacha. Utakutana na wafafanuzi wanaokumbusha kwamba Mungu alishamwambia Rebeka, katika Mwanzo 25, kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Kwa hiyo Yakobo aliiba alichokuwa ameshaahidiwa. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Lakini usiihamishie kwa wanafunzi kwa kuwaambia kwamba Mungu amewaahidi digrii. Hakuwaahidi. Ukisema hivyo, atakayedisko kwa haki atadhani Mungu ndiye aliyemfelisha.

Sasa Isaka. Mzee haoni, lakini si mjinga. Anauliza imekuwaje umeipata nyama upesi hivi. Yakobo anajibu kwamba Bwana, Mungu wako, amenifanikisha. Huo ndio mstari unaowahusu watu wako kuliko wanafunzi wengine wote chuoni. Asiye na dini akiibia, anaibia tu. Mwana ushirika akiibia, matokeo yakitoka atatakiwa kutoa ushuhuda. Ningekuwa mimi mimbarani hapo ningesema hivi, nawe ubadilishe kwa sauti yako:

"Muhula uliopita tulikaa hapahapa tukashuhudia. Mtu alisimama akasema, somo lile lilikuwa gumu lakini Bwana amenipigania, nimetoka na B plasi. Tukapiga makofi, tukaimba. Wapo waliosimama kwa haki, na shangwe ile ilikuwa yao. Lakini kama yupo aliyesimama na anajua kabisa B plasi ile ilitoka kwenye simu iliyokuwa mfukoni, basi siku ile alifanya mambo mawili. La kwanza alilifanya kwenye chumba cha mtihani, msimamizi wake akiwa mtu. La pili alilifanya hapa, na aliyemtaja kuwa shahidi wake ni Mungu. La pili ni zito kuliko la kwanza."

Usimtazame mwanakwaya yeyote unaposema maneno hayo. Tazama ukuta wa nyuma. Ukimtazama mmoja, watu watageuka kumwangalia, na mahubiri yatakuwa yameishia hapo. Yatakayofuata ni umbea.

Kisha Isaka anampapasa na kutamka lile neno maarufu: "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Hapa wahubiri wengi wanashawishika kuruka kwenda kwenye unafiki kwa ujumla. Wewe shuka chini, ukaoneshe ni nini hasa kinachotokea mikono ikiwa ya mwingine. Chagua fani moja iliyopo chuoni kwenu. Nikupe ya uuguzi, kwa kuwa nimewahubiria wauguzi mara nyingi.

Mwanafunzi hakuelewa hesabu za dozi, akachabo kwa aliyekaa mbele yake, akapata alama zake. Miaka miwili baadaye yuko zamu ya usiku wodi ya watoto, peke yake. Analetwa mtoto wa kilo 8, homa inapanda, ameandikiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. Mkononi kuna chupa ya dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Aliyejifunza anazidisha 15 kwa 8, anapata 120, anapima mililita 5, amemaliza kabla mama hajakaa vizuri. Aliyechabo anabaki na chupa na hajui agawanye nini kwa nini. Hesabu ni ndogo, na ndiyo maana inafaa kwenye mahubiri: ni swali la alama mbili tu, ambalo mtu aliona halina haja ya kuhangaika nalo. Vyeti viko sawa, joho alivaa, jina ukutani ni lake. Mikono ndiyo si yake. Kama chuo chenu ni cha uhandisi au ualimu, tafuta mfano wa huko, umuulize mwanafunzi wa fani hiyo akuhakikishie kila tarakimu. Wakikukuta umekosea hesabu, hawatakuamini kwenye lingine lolote.

Hapo kuna jambo ambalo wahubiri wengi wanalikwepa, nawe usilikwepe. Yakobo alifaulu. Isaka alipogundua alitetemeka sana, lakini alisema wazi kwamba aliyembariki atabarikiwa. Matokeo hayakufutwa. Wanafunzi wako wanawajua watu walioibia tangu mwaka wa kwanza, wamehitimu, wana kazi na gari. Ukiwaambia kwamba mwizi wa mtihani hafanikiwi, watakuona mtoto. Kwa sababu hiyohiyo nakushauri uiache Danieli sura ya 1 kwenye ibada hii, ingawa kila mtu ataisubiri. Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme wakaonekana bora mara kumi. Habari ni ya kweli, lakini ukiihubiri wiki ya mitihani watu wanasikia mkataba: niwe mwaminifu, nipewe A. Baada ya mwezi mmoja kuna aliyesikiliza mahubiri yako, akaacha nondo, akapata sapu ya kwanza maishani. Huyo umwambie mapema, siku hiyohiyo ya ibada, kwamba sapu ya haki inaweza kumfika na kwamba ushirika utakuwa naye. Kisha hakikisheni mna watu wa kumfundisha wakati wa likizo. Msipokuwa nao, usiyaseme.

Kilichompata Yakobo hakikuwa kufeli. Maandiko yanakisimulia bila kukitolea somo, na wewe fanya vivyo hivyo. Alikwenda kwa mjomba huyo, Labani, akamtumikia miaka 7 ili amwoe binti yake mdogo, Raheli, asubuhi akakuta aliyeletwa gizani ni Lea, yule mkubwa. Akalalamika amedanganywa. Labani akamjibu kwamba kwao hawamtangulizi mdogo kabla ya mkubwa. Yakobo hakuwa na la kujibu hapo, na wasikilizaji wataelewa kwa nini. Baadaye alipokuwa mzee, wanawe walichinja mbuzi, wakachovya kanzu ya Yusufu kwenye damu, wakamletea aitambue. Alimdanganya baba yake kwa mbuzi na nguo, akadanganywa na watoto wake kwa mbuzi na nguo. Dakika mbili zinatosha kwa haya yote.

Mahubiri yako yaishie kwenye kivuko cha Yaboki, Mwanzo sura ya 32. Yakobo anarudi nyumbani, anamwogopa Esau, amebaki peke yake usiku, anashindana na mtu asiyemjua mpaka alfajiri, na anaomba baraka. Ndipo anaulizwa jina lake. Ni swali lilelile aliloulizwa na baba yake miaka 20 nyuma, naye alikuwa akitafuta kitu kilekile. Mara ya kwanza alijibu, mimi ni Esau. Safari hii anajibu, Yakobo. Anabarikiwa akiwa na jina lake mwenyewe, na anaondoka akichechemea. Wanafunzi wataliona bila wewe kulieleza sana, kwa sababu kila pepa inaanza kwa kujaza namba yako ya usajili juu ya kijitabu cha majibu. Unaandika kwamba yote yaliyo ndani ni ya mwenye namba hii. Mwambie kila mmoja akiishika kalamu siku hiyo, kabla ya swali la kwanza, aisome namba yake taratibu.

Na usisahau kwamba kabla ya alfajiri ile Yakobo alikuwa ameshatanguliza mifugo kwa Esau, zaidi ya 500 ukiijumlisha orodha. Wa kwanza kutajwa ni mbuzi, majike 200 na madume 20. Alichukua mbuzi wawili kumhadaa mzee, akatoa 220 kwa ndugu aliyemwibia. Biblia haisemi ilikuwa fidia, tena yeye mwenyewe alisema ni za kumtuliza. Lakini zinakufungulia mlango wa kusema kwamba aliyeibia muhula uliopita ana kitu cha kufanya mbali na kulia.

Kuhusu mifano ya nje ya Biblia, kuna mmoja utaletewa, maana unazunguka sana makanisani: kwamba watafiti, akiwemo Dan Ariely, waliwaomba wanafunzi wakumbuke Amri Kumi kabla ya jaribio, na waliokumbuka hawakuibia. Ulichapishwa 2008, na unavutia mno kwa mhubiri. Mwaka 2018 maabara nyingi kwa pamoja zilirudia jaribio hilo na hazikuyapata matokeo yale. Utafiti mwingine wa 2012 ambao naye alishiriki kuuandika, kuhusu kusaini tamko la ukweli mwanzoni mwa fomu, uliondolewa rasmi na jarida lake mwaka 2021 baada ya data zake kubainika kuwa za kughushi. Sitaki uhubiri uaminifu kwa mfano wa namna hiyo.

Kuna na mtego wa usiku wa kuamkia pepa, ambao lazima uutaje kwa sababu hapo hakuna aliyekusudia kuibia. Saa tano usiku, kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mtu anatuma faili na maneno "pepa ya kesho, futeni mkishasoma". Mwanafunzi hakuiomba wala hakuilipia. Waambie wazi: usiifungue, lifute, toka kwenye kundi usiku huohuo, na umpelekee ujumbe mwakilishi wa darasa au mwalimu wa somo kwamba kuna faili linazunguka. Nyingi za pepa hizo ni za uongo. Wanaoziuza huchanganya maswali ya miaka iliyopita, na mtu anakesha akikariri yasiyokuja. Lakini usiitumie hiyo kama sababu kuu, maana siku ikiwa ya kweli sababu yako itakufa.

Jambo moja usilichanganye na mada hii hata ukisukumwa na muda. Usiweke kwenye kapu moja mwanafunzi mwenye nondo na binti ambaye mwalimu anamzuilia alama mpaka akubali kulala naye. Huyo hafanyi udanganyifu, anafanyiwa jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaliita jambo hilo kosa la mwenye mamlaka. Nimewahi kusikia mahubiri yaliyowataja mabinti "wanaonunua alama kwa miili yao", na nikajua wamo ukumbini ambao hawatathubutu kumwambia mchungaji yeyote tena. Ukilitaja, litaje kwa sentensi moja upande wao, uwaambie TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113.

Mwisho ni yatakayotokea ukishashuka. Usiwaite mbele walioibia wajitokeze. Wanakwaya wako hawatatoka, na atakayetoka atakuwa yule mwenye dhamiri nyepesi aliyewahi kutazama jibu moja kidato cha pili. Badala yake tangaza kwamba mchungaji mlezi atakuwepo ofisini siku mbili zinazofuata kwa saa fulani, na uwe umeshakubaliana naye kabla. Wakikujia wewe, sikiliza, lakini usiwe wa mwisho kuwasikiliza. Wewe ni mwanafunzi mwenzao na muhula ujao mtakuwa mnagombea vyeo vilevile vya ushirika.

Atakayekuja na nondo ambayo bado haijatumika, mwambie aichane mbele yako, halafu kaa naye muda uliobaki mfanye maswali mawili ya somo hilo. Atakayekuja na mtihani wa zamani ni mgumu zaidi. Kama kuna mwingine aliyeadhibiwa kwa kosa lake, mimi simpi njia nyingine isipokuwa kwenda kusema, na mchungaji amsindikize. Kama hakuna, simshurutishi usiku huo aandike barua kwa ofisi ya mitihani. Ninamtaka kwanza akajifunze kile alichochabo, kwa kitabu na kalamu, mpaka aweze kunieleza mimi nisiyejua somo hilo. Wengi hukuta wanahitaji wiki tatu au nne. Suala la barua tunalizungumza baada ya hapo, akiwa ametulia, na wapo walioamua kuiandika wenyewe.

Jingine, omba ibada isogezwe mbele. Mkiiweka Jumapili ya kuamkia mitihani, mwenye nondo ameshaiandika na asiyesoma hana muda wa kusoma. Ikiwa wiki tatu kabla, bado kuna nafasi ya kuunda vikundi vya kujisomea, na wanakwaya uwape chumba cha mazoezi wakitumie kusoma siku mbili za wiki.